Est-ce que ni "je" yetu

Mswahili anayejifunza Kifaransa ana bahati moja: est-ce que inafanya kazi ileile ya "je". Unaiweka mwanzoni na sentensi inabaki kama ilivyo. Vous avez l'heure, yaani unajua ni saa ngapi, inakuwa Est-ce que vous avez l'heure ? Dukani, benki au kwa jirani, hii haikuangushi.

Ukitaka urasmi, kwenye barua ya kuomba kazi au usaili, geuza: kitenzi mbele, kistari, kisha kiwakilishi. Avez-vous l'heure ? Na kwa rafiki? Pandisha sauti tu mwishoni, kama tunavyosema "Unakuja?": T'as l'heure ? Ukimgeuzia rafiki wa Paris, As-tu l'heure ?, utasikika kama unasoma kitabu. Ila Kebeki, kule Kanada, as-tu ni lugha ya kila siku kabisa.

Kosa ninaloliona zaidi ni kuchanganya njia mbili: Est-ce que avez-vous l'heure ? Hapo umeuliza mara mbili. Chagua moja.

Penye ugumu hasa ni nafsi ya tatu. Chukua Marie a fini, yaani Marie amemaliza. Huwezi kusema A Marie fini ? Jina linabaki mbele, kisha unaongeza kiwakilishi chake: Marie a-t-elle fini ? Ile t haina maana yoyote. Imewekwa ili irabu mbili zisigongane. Kitenzi kikiishia na t au d, haihitajiki: Marie vient-elle ?