Kipenu cha gari kilichonivujia masika mawili, na jinsi nilivyokikomesha

Masika mawili mfululizo ukuta wa chumba cha watoto ulilowa, na masika yote mawili nilipewa jibu lile lile: "Ongeza silikoni, kaka." Niliongeza. Kwa jumla nilinunua chupa kama nane, za elfu saba, za elfu nane, na mara moja ya elfu kumi na mbili baada ya muuzaji kuniapia kwamba ile ndiyo yenyewe. Ukuta uliendelea kulowa. Naandika haya kwa sababu bado nawasikia watu wakipewa ushauri ule ule, na mimi nimeshajua kwa nini haufai.

Nyumba iko Tegeta, Dar es Salaam. Kipenu kimeegemea ukuta wa ubavuni, ule unaopanda hadi kwenye pembe ya paa, kwa hiyo paa kubwa halimwagi maji upande huo. Urefu wake ni mita 6 kufuata ukuta, na kinatoka ukutani mita 3. Gari dogo linaingia na mlango unafunguka vizuri.

Fundi wa kwanza alifanya kazi haraka na kwa usafi wa kuonekana. Mbao ya ukutani aliipigilia kwa misumari ya zege kupitia plasta. Juu ya mabati, yanapokutana na ukuta, aliweka bati lililokunjwa, ile wanayoiita flashi, akaibana ukutani kwa misumari michache, kisha akapitisha silikoni kwenye ukingo wake wa juu. Kwa macho ilipendeza. Mvua ya kwanza ya rasharasha ikapita salama, nikamlipa yote.

Masika yalipokolea, mama watoto akaniita chumbani. Juu kidogo ya usawa wa dirisha palikuwa na alama ya unyevu yenye umbo la figo, rangi imetuna kama ngozi iliyoungua. Nikachukua penseli nikaizungushia mstari pembezoni mwake, nikaandika tarehe. Baada ya wiki unyevu ulikuwa umeuvuka mstari kwa upana wa vidole vinne. Nikachora mwingine. Hadi mvua zilipokatika, ukuta ule ulikuwa na mistari mitano, mmoja nje ya mwingine.

Silikoni ya mwaka wa pili ilipoleta matokeo yale yale, nikamwendea mzee jirani aliyewahi kuwa fundi ujenzi.

"Shikamoo mzee. Nina banda linavuja, nimeziba kila tundu."

"Marahaba. Umejuaje kama ni tundu?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia nitafute maji yanakoingilia kabla ya kuziba chochote, na akanifundisha namna: chukua mpira wa bustani, anza kumwagia chini, panda polepole, usiruke hatua.

Siku hiyo ya Jumapili naikumbuka vizuri. Nilimweka kijana wangu ndani na tochi. Nikamwagia mabati upande wa chini, karibu na gata, dakika kumi. Hakuna kitu. Nikapanda katikati, dakika kumi nyingine. Pakavu. Nikafika kwenye ukingo wa chini wa flashi, pale nilipokuwa na hakika kwamba ndipo, kwa sababu hapo ndipo nilipomaliza silikoni nyingi zaidi. Dakika kumi na tano, hakuna tone. Nikaanza kukata tamaa. Ndipo nikauinua mpira nikalenga ukuta wenyewe, mita moja juu ya flashi, maji yakateremka taratibu juu ya plasta. Hazikupita dakika tatu nikasikia kutoka ndani, "Baba, inatiririka!"

Basi mabati yalikuwa mazima na flashi haikuwa na tundu. Maji yalikuwa yanateremka na ukuta, yanafika kwenye mstari wa silikoni, yanapita nyuma yake. Nilipopanda ngazi na kuingiza ncha ya kisu, silikoni ilibanduka kwa urefu wa mkono mzima kama utepe, na upande wake wa nyuma ulikuwa umeshika vumbi la plasta na rangi. Ilikuwa imeshikana na rangi, na rangi ndiyo iliyokuwa imeachana na ukuta. Bati linapata moto mchana na kutanuka, usiku linapoa na kusinyaa, na kila siku linaivuta silikoni ile kidogo kidogo. Miezi michache tu inatosha kufungua mwanya mwembamba kama karatasi.

Tulipofungua flashi tukakuta ubaya wa pili. Mbao ya ukutani ilikuwa imeachana na ukuta karibu sentimita moja. Misumari ilikuwa imeshika plasta na sehemu ndogo ya tofali, na tofali letu la saruji halishiki msumari unaotikiswa na upepo kila siku. Kipenu kimefunguka mbele na ubavuni, upepo unaingia chini yake na kukisukuma juu, hivyo kazi ya mbao ile ni kubeba uzito na pia kuzuia kipenu kisinyanyuke.

Nikaamua kuishusha mbao hadi kwenye lenta. Lenta ni zege lenye nondo, limezunguka nyumba juu ya madirisha, na kwa kuwa msingi wetu umeinuka, kwa nje lenta iko kama mita 2.8 kutoka ardhini. Kuipata nyuma ya plasta si kazi: pima kutoka kichwa cha dirisha, kisha toboa tundu moja la majaribio. Kwenye tofali drili inazama upesi na kutoa vumbi lenye mchanga mkubwa. Kwenye zege inakuwa nzito, vumbi linatoka laini kama unga. Matundu niliyatoboa katikati ya kimo cha lenta, kwa sababu nondo kuu zinalala karibu na juu na karibu na chini. Mara mbili niligonga ringi zinazofunga nondo hizo, nikasogea sentimita tano pembeni na kuendelea.

Mbao ni 2 kwa 6 iliyotiwa dawa. Bolti ni za kutanuka, milimita 12, ndefu za kutosha kupita mbao na plasta na bado kuingia kwenye zege lenyewe sentimita 7 hivi, moja kila sentimita 60. Jambo ambalo mafundi wengi huliruka ni vumbi la ndani ya tundu. Likibaki, bolti inazunguka bure badala ya kushika. Nilipuliza kila tundu kwa pampu ya baiskeli yenye kijibomba chembamba, na hakuna bolti hata moja iliyonisumbua.

Kushusha mbao kulipunguza mteremko, ikabidi nikate nguzo za mbele kwa grinda na kuchomelea vibati vya juu upya. Hiyo ndiyo gharama ambayo sikuitegemea. Sasa upande wa ukutani umezidi upande wa mbele kwa sentimita 45 katika zile mita 3, na kwa mabati ya mawimbi ya kawaida hapo maji yanakimbia vizuri. Ukilaza bati sana, upepo wa mvua unayarudisha maji juu kupitia mabonde yake.

Kwa sababu hiyo hiyo, kabla ya kufunga mabati, nilikunja kwa koleo ncha ya kila bonde upande wa ukutani, ikasimama kama sentimita mbili. Ni kazi ya nusu saa. Ukingo huo hauonekani ukishafunikwa, lakini maji yakisukumwa na upepo hadi pale yanakuta kizuizi.

Sasa flashi. Nilikata boksi la katoni nikalikunja kwenye kona ya ukuta na bati hadi likakaa sawasawa, nikampelekea fundi bati kama kipimo, kwa sababu kona ile si mraba, imefunguka zaidi kidogo kufuata mteremko. Aliikunja kutoka bati bapa la geji 28: sentimita 20 zinalala juu ya mabati, sentimita 15 zinapanda na ukuta, na ncha ya juu imekunjwa sentimita 2.5 kuingia ndani ya ukuta.

Hiyo ncha ya kuingia ndani ndiyo iliyonitoa kwenye shida. Nilipiga mstari kwa uzi na pima maji, nikauchana ukuta kwa grinda yenye jiwe la kukatia zege, kina cha sentimita 3. Plasta yetu ni sentimita moja na nusu, kwa hiyo mfereji umevuka plasta na kuingia kwenye tofali, ndipo maji yanayopenya nyuma ya plasta yakutane na bati na kutolewa nje. Mfereji nao niliuinamisha, unapanda kidogo kuelekea ndani, ili tone lolote likiingia lirudi lilikotoka. Vaa barakoa ya vumbi na miwani. Vumbi lake ni kali na linafika hadi kwa jirani.

Nikasafisha kwa brashi, nikaingiza ncha ya flashi, nikaibana kwa vipande vya bati vilivyokunjwa mara tatu, nikivigongea ndani kila baada ya sentimita 40. Vipande vya flashi vimepandana sentimita 15, na mdomo wa mpandano umeelekea kule upepo wa mvua unakokwenda. Mwisho kabisa nikajaza mfereji kwa silikoni. Ndiyo, ile ile. Ikiwa ndani ya mfereji mkavu, imeshikwa juu na chini na tofali, na maji yanapita mbele yake badala ya kuigonga kwa juu, inadumu. Usijaze kwa saruji tupu, bati likitanuka itapasuka. Kazi yote ya kurudia, bila mabati ambayo niliyatumia yale yale, haikufika laki nne.

Gata lilikuwa limeinamishwa kuelekea geti, na kila mvua ilichimba njia ya gari. Nililigeuza lishuke sentimita 3 kwa mita zake 6, kuelekea nyuma kwenye simtanki. Kipenu kina karibu mita 20 za mraba ukihesabu na michomozo, na kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 50, ambayo masika huleta kwa siku moja bila shida, inajaza tanki la lita 1000. Kwa hiyo bomba la kufurikia nimelielekeza kwenye migomba, mbali na ukuta wa jirani.

Kabla ya masika nilirudia mpira ule ule, ukuta ule ule, kijana yule yule na tochi. Nusu saa. Akatoka mwenyewe kuniuliza kama nimefungulia maji.

Mama watoto alitaka tupake rangi wiki ile ile. Nikamwomba avumilie masika yapite, niione mistari ya penseli. Aprili yote hadi Mei nilikuwa naingia na tochi kila baada ya mvua kubwa. Unyevu ulirudi nyuma ya mstari wa tano, kisha wa nne, na Juni mwishoni ukuta ulikuwa mkavu hata ndani ya mstari wa kwanza. Julai tukakwangua, tukapiga skimu, tukapaka.