Nilivyotoa hotuba ya kumuaga mwalimu wa sanaa kwa kutumia ndoo

Jamani sherehe yetu ya kumuaga Madam wa sanaa imeisha, watu bado wananiulizia ile hotuba, wacha nieleze nilivyofanya maana ushauri niliopewa ulikuwa wa ajabu kweli.

Wa kwanza aliniambia pakua mtandaoni, badilisha jina. Nikapakua. "Itifaki imezingatiwa, leo ni siku ya furaha na huzuni, mwenzetu alikuwa mchapakazi, mcheshi, mcha Mungu." Sasa hiyo si hata mlinzi wa geti unamuagia? Mwingine akasema soma wasifu wake, kuanzia cheti cha Butimba mpaka miaka 60. Yaani watu wananusa pilau halafu wewe unataja tarehe za uhamisho!

Nikaingia kwenye grupu la wasapu la waliosoma kwetu. Mwanzoni niliuliza mnamkumbukaje Madam, nikapata "alikuwa mama kwetu" kama arobaini hivi na maua. Nikabadilisha swali: alikukosoa nini mpaka ukanuna? Hapo ndo mvua ikanyesha. Kijana mmoja siku hizi anaandika mabango ya maduka, akasema Madam alimfutisha neno zima kwa sababu herufi za mwisho zilibanana ukingoni. Akamwambia hesabu herufi, tafuta ya katikati, iweke katikati ya ubao kwa penseli halafu jaza kwenda kushoto na kulia, na M ipe nafasi kubwa, I ipe ndogo. Anasema mpaka leo hagusi rangi kabla ya hapo. Ukipata kisa cha namna hii kiombee ruhusa kwanza, mi niliomba.

Mwingine yupo humuhumu staff, anafundisha baiolojia. Huyo Madam alimpenda mno, alimfundisha kutia kivuli hadi embe linatoka kwenye karatasi, na kumbe mchoro wa baiolojia hautaki kivuli kabisa, ni mstari mmoja safi. Ilibidi aje kuisahau kazi yote ya Madam! Ukumbi ulicheka, na yeye mwenyewe ndo alicheka zaidi.

Sasa ndoo. Wanafunzi walimuita Madam Ndoo, maana kila kidato cha kwanza kilianza na ndoo ya rangi iliyoisha, ile ya plastiki, pale darasani kwake palipokuwa stoo, kazi zimeanikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Mtoto anachora mdomo wa ndoo duara refu vizuri tu, akifika chini anapiga rula, mstari ulionyooka tii. Kwa nini? Kwa sababu anajua ndoo imekaa sawa mezani. Madam anamwambia chora unachokiona, unachokijua kiache nje. Ukiitazama kutoka juu, kitako nacho kinapinda, tena kinapinda kuliko mdomo, kwa sababu kiko chini zaidi ya usawa wa jicho. Inyanyue mpaka usawa wa macho, mdomo unageuka mstari. Hilo somo lilichukua wiki nzima na watoto walilia.

Nikaona hotuba iwe ndo hiyo. Nilienda ukumbini mapema kujaribu, nikaweka ndoo meza kuu, nikaenda kukaa viti vya nyuma, sioni mdomo wa ndoo, ni mstari tu! Kumbe ukiwa umekaa mbali macho yako yanakuwa karibu sawa na juu ya ndoo. Ikashuka sakafuni, mbele ya safu ya kwanza, na wachoraji nikawachagua wa safu hiyo tu. Makapeni na manila vilinigharimu elfu tano sita hivi, ndoo ya bure.

Siku yenyewe nikasema visa viwili, vya bango na embe, halafu nikamgawia Mkuu, mtaaluma na mwalimu wa hesabu karatasi, chora ndoo, dakika moja. Wote watatu, rula chini! Wa hesabu alikuwa na rula kweli, sijui aliitoa wapi kwenye suti. Nilikuwa nimebakiza aya nzima ya shukrani lakini sikuisoma, maana Madam alishanyanyuka kwenye kiti chake cha maua, kaninyang'anya kapeni, anamuelekeza Mkuu "kaa vizuri, funga jicho moja, sasa niambie kitako kimenyooka?" MC kazima muziki mwenyewe. Akasahihisha zote kwa wino mwekundu na sahihi yake. Mkuu kapata nne kati ya kumi, amekata rufaa, anasema kiti chake kilikuwa kirefu.