Nilivyokokotoa upya fedha ya Fuso yetu baada ya kodi

Tulinunua Fuso ya tani 10 mwezi Januari kwa shilingi milioni 120, fedha ya kampuni ya familia bila mkopo wowote. Kazi yake ni kupakia mawese na dagaa hapa Kigoma mjini, kushusha Tabora, na kurudi na chochote kinacholipa, mara nyingi mchele. Mimi ndiye ninayeshika vitabu. Baba mdogo, ambaye ndiye mkurugenzi, alinipa swali moja: kila mwaka, tukishalipa kodi, mkononi kutabaki shilingi ngapi?

Nilimjibu kwa uhakika, na jibu halikuwa sahihi.

Kwa makadirio yetu lori lingeingiza milioni 96 kwa mwaka. Mafuta, dereva na utingo, matairi, bima na gereji vingekula milioni 50. Zinabaki milioni 46. Kwenye vitabu tumeamua lori litachakaa kwa miaka 5 kwa kiwango sawa, yaani milioni 24 kila mwaka. Nikatoa 24 kwenye 46, nikapata faida ya milioni 22. Kodi ya kampuni ni asilimia 30, kwa hiyo milioni 6.6. Halafu nikakumbuka jambo ambalo wengi hulisahau: ile milioni 24 ya uchakavu hakuna aliyelipwa. Fedha ya lori ilishatoka siku tuliponunua. Kwa hiyo fedha halisi inayobaki ni 46 kutoa 6.6, yaani milioni 39.4.

Njia ya pili ya kufika hapohapo ndiyo iliyonifungua macho. Chukulia uchakavu haupo: milioni 46 ingekatwa kodi ya asilimia 30 na kubaki 32.2. Sasa ongeza asilimia 30 ya uchakavu, yaani 7.2, unapata 39.4. Hiyo 7.2 ndiyo kinga ya kodi. Ni kodi ambayo hatukuilipa kwa sababu sheria imekubali lori linachakaa. Uchakavu hauleti shilingi hata moja, ila unazuia shilingi isiondoke.

Baba mdogo akapanga kutokana na namba yangu: kila mwaka milioni 30 ziwekwe akiba ya lori jipya, milioni 9.4 wagawane wanafamilia.

Wakati wa kuandaa ritani ya kodi ndipo nilipogundua kosa. TRA hawaangalii uchakavu tuliojipangia sisi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inayo madaraja yake ya mali. Lori la kuanzia tani 7 liko daraja la pili, asilimia 25 ya salio linalopungua. Gari la mizigo lililo chini ya tani 7 lingeingia daraja la kwanza, asilimia 37.5. Mlipakodi hachagui njia, mali yenyewe ndiyo inayochagua. Kiwango sawa kimebaki kwa vitu kama majengo. Unaporudi kwenye hesabu ya kodi, unarudisha uchakavu wote wa vitabuni kwenye faida, kisha unatoa ule wa sheria.

Nikakokotoa upya. Mwaka wa kwanza uchakavu ni asilimia 25 ya milioni 120, yaani 30, na kinga ni milioni 9. Salio linabaki 90. Mwaka wa pili ni robo ya 90, yaani 22.5, na kinga 6.75. Mwaka wa tatu kinga inashuka hadi 5.06, wa nne 3.80, wa tano 2.85. Kwa hiyo fedha baada ya kodi inaanza na milioni 41.2 mwaka wa kwanza na kuishia 35.05 mwaka wa tano. Akiba ya milioni 30 ikishatengwa, kinachobaki cha kugawana mwaka wa tano ni milioni 5.05, wakati mimi niliahidi 9.4.

Nilikuwa nimesoma kwamba salio linalopungua humpa mwenye mali nafuu mapema. Ni kweli kwa mwaka wa kwanza tu hapa kwetu. Kuanzia mwaka wa pili kiwango sawa kilikuwa kimeshaipita, 7.2 dhidi ya 6.75. Sababu ni kwamba asilimia 25 inakatwa kwenye salio, si kwenye bei ya kununulia, na miaka 5 ikiisha bado kuna milioni 28.48 ambazo hazijapata punguzo. Jumla ya kinga kwa miaka 5 ni milioni 27.46 kwa njia ya TRA, na milioni 36 kwa njia ya vitabuni.

Nilipomweleza baba mdogo alinyamaza kidogo, akauliza, "Sasa mwanangu, hiyo milioni nane na nusu serikali imeichukua moja kwa moja?"

Swali hilo lilinirudisha mezani, maana nilikuwa nimesahau kuuza lori. Tuseme mwaka wa sita tunaliuza kwa milioni 25, na hatuna gari jingine la daraja hilo. Kwa njia ya TRA, salio ni 28.48, tumepata 25, na tofauti ya 3.48 inatolewa kama punguzo la mwisho kwa sababu hatuna tena mali iliyobaki kwenye daraja hilo. Kodi inapungua kwa milioni 1.04. Kama kodi ingefuata kiwango sawa, salio lingekuwa sifuri, milioni 25 yote ingehesabiwa mapato, na tungetozwa 7.5. Sasa linganisha: 27.46 jumlisha 1.04 ni 28.5. Na 36 toa 7.5 ni 28.5. Sawasawa kabisa. Hakuna kilichopotea, ni wakati tu uliobadilika.

Lakini wakati una bei. Kwa kuwa fedha yetu ingeweza kuzaa asilimia 15 kwingine, nilizipunguza kinga zote kwa kiwango hicho hadi thamani ya siku ya kununua. Bila mauzo, kiwango sawa kinaonekana bora kwa milioni 4.3. Ukiweka mauzo, tofauti inashuka hadi milioni 0.6 hivi. Anayelinganisha njia hizi na kuacha thamani ya kuuzia anajidanganya kwa kiasi kikubwa.

Nikajaribu pia mwaka mbaya. Barabara zetu hazina huruma na giaboksi. Tuseme mwaka wa pili, baada ya matengenezo makubwa, zinabaki milioni 18 tu badala ya 46. Uchakavu wa 22.5 unazidi hiyo 18, faida inakuwa hasara ya 4.5, na kodi ni sifuri. Kinga ya mwaka huo haiwezi kuwa 6.75, ni 5.4 tu, yaani asilimia 30 ya 18. Iliyobaki inasubiri hasara ibebwe mwaka unaofuata kama utakuwa na faida. Ukiijumlisha 6.75 bila kuangalia, utaona fedha ambayo haipo.

Sasa kila mwaka ninaweka safu mbili, uchakavu wa vitabuni na uchakavu wa kodi, na fedha baada ya kodi inatoka kwenye safu ya pili peke yake. Baba mdogo amebakiza akiba ya milioni 30 kama ilivyokuwa. Mgawo wa familia sasa unatajwa mwezi wa tatu, hesabu ya kodi ikishakamilika, na mwaka wa kwanza alizuia milioni 1.8 iliyozidi makadirio yangu ya zamani ili ije iongezee mwaka wa tano.