Ngumi ya Baba Kifuani

Juzi usiku nilikuwa jikoni natafuna kidonge cha magnesiamu. Nilikuwa nimesimama, maana nikilala tu kiungulia kinapanda mpaka kooni. Binti yangu akaja kunywa maji, akanitazama, akauliza, "Baba, kiungulia kinaunguza moyo?"

Sikumjibu mara moja. Harufu ya minti ya kile kidonge ilikuwa imeshanirudisha Morogoro, sebuleni kwetu, usiku wa Idi.

Tulikuwa tumekula pilau na kachumbari ya pilipili. Baba alikuwa na kiungulia tangu sisi tukiwa wadogo: akilalia mito miwili, na pakiti ya magnesiamu haikosi mfukoni mwa shati. Kwa hiyo aliposema kifua kinamchoma, hakuna aliyeshtuka. Mama akamletea maji, akatafuna vidonge viwili, akapiga mbweu, akasema, "Afadhali sasa." Tukaendelea na mazungumzo. Siku tatu kabla alikuwa amekwenda zahanati kwa maumivu hayohayo, wakampa dawa ya tumbo na kumkataza pilipili.

Haikupita nusu saa maumivu yakarudi. Shangazi, muuguzi mstaafu, alikuwa anakunja mkeka. Akauacha. Mpaka leo namwona alivyopiga magoti mbele ya kiti cha kaka yake, bila haraka, kama anayetaka kumfunga kamba za viatu.

"Kaka, nionyeshe panapouma."

Baba hakunyoosha kidole. Alikunja ngumi akaikandamiza katikati ya kifua, halafu akaishusha kidogo. "Hapa, kwenye chembe ya moyo."

Neno lile nimelitafakari sana. Sisi Waswahili chembe ya moyo ni pale chini ya kidari, mahali ambapo kwa kweli tumbo linaanzia. Lugha yetu imeshavichanganya viungo hivyo viwili, na mwili nao huvichanganya. Umio, ule mrija wa kupitisha chakula, unashuka nyuma ya moyo kabisa, karibu kugusana nao. Neva zinazobeba maumivu ya umio na zile za moyo huingia kwenye uti wa mgongo sehemu zilezile. Ukichomwa mwiba kidoleni, ubongo unajua ni kidole gani. Habari ya kutoka ndani ya kifua haifiki kwa usahihi huo. Ubongo unapokea kwamba katikati ya kifua kuna taabu, basi. Tindikali iliyopanda kutoka tumboni na msuli wa moyo unaokosa damu vinaweza kutoa kilio kimoja.

Shangazi alikuwa akitafuta kitu cha kuvitenganisha.

"Kinachoma au kinabana?"

Baba akafikiri. "Nilisema kinachoma kwa mazoea. Hiki ni kama mtu kaniwekea gunia."

"Mdomoni unasikia uchachu? Umecheua maji makali?"

"Hapana."

"Inama kidogo. Sasa rudi nyuma, jiegemeze. Kuna tofauti?"

Hakukuwa na tofauti. Kiungulia chake cha siku zote nilikijua: akiinama kufunga viatu kinapanda, akikaa wima kinapungua. Tindikali ni kimiminika, inafuata mwinamo wa mwili. Gunia lile halikujali amekaaje.

"Na juzi ulipokwenda zahanati, maumivu yalianzia wapi?"

"Kwenye kilima, nikitoka sokoni. Nikapumzika chini ya mwembe, yakaisha."

"Ulikuwa umekula?"

"Bado."

Shangazi akanyamaza. Kilima kile kilikuwa kimesema jambo ambalo hakuna aliyemuuliza baba kule zahanati. Maumivu yanayokuja mtu akipanda mlima na kuondoka akipumzika ni tabia ya moyo ambao mishipa yake imebana: kazi ikizidi, damu haitoshi. Kiungulia mara nyingi hufuata sahani na kitanda. Lakini pilau ya Idi ilikuwa imefunika kila kitu, nasi tulikuwa tukiilaumu pilipili.

Halafu akampapasa nyuma ya shingo. Kola ya kanzu ilikuwa imelowa, na jasho lenyewe lilikuwa la baridi. Feni ilikuwa inazunguka juu yetu. Akamuuliza kama mkono au taya linauma, baba akasema taya, lakini alidhani ni jino.

Shangazi hakupandisha sauti. Aliniambia, "Mwanangu, kamwite jirani mwenye gari, sasa hivi." Akamuuliza baba kama aliwahi kutapika damu, kama ana kidonda cha tumbo, kama aspirini inamdhuru. Yote hapana. Akampa aspirini ya miligramu 300 na kumwambia aitafune, asiimeze nzima, ili ifanye kazi mapema.

Mama alikuwa bado anauliza, "Lakini si alipata nafuu kwa magnesiamu?" Shangazi akamjibu, "Wifi, nafuu hiyo haituambii kitu. Maumivu ya moyo nayo huja na kwenda. Na kaka ana sukari."

Nilielewa baadaye alimaanisha nini. Kisukari cha miaka mingi hudhoofisha neva, moyo ukalia kwa sauti ndogo: kichefuchefu, uchovu, uzito wa tumboni. Kwa wanawake na wazee nako wakati mwingine huja hivyo, bila yale maumivu makali tunayoyategemea.

Njia ya hospitali sikumbuki vizuri. Nakumbuka kipimo cha kwanza cha umeme wa moyo hakikuonyesha kitu cha wazi, na nilianza kuona haya kwamba tumewasumbua watu usiku wa sikukuu. Daktari kijana akasema kipimo kimoja kizuri hakimtoi mtu hatarini, akakirudia. Akachukua damu kupima troponini, protini inayovuja kutoka kwenye msuli wa moyo ukiumia, na baada ya saa tatu akachukua tena, kwa sababu huchukua muda kuonekana. Mara ya pili ilikuwa imepanda. Baba alikuwa na shambulio la moyo.

Alipona. Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono wakauzibua mshipa wa moyo ulioziba. Lakini kiungulia hakikumwacha. Akaishi na vyote viwili kifua kimoja, na kila kidari kilipomchoma, nyumba nzima ilinyamaza. Shangazi alikuwa anampigia simu, maswali yaleyale, kwa mpangilio uleule. Sijui mpaka leo kama yale ya pale zahanati yalikuwa moyo peke yake, au tindikali nayo ilikuwemo.

Binti yangu bado alikuwa amesimama na bilauri. Nikamwambia kwamba kiungulia kinaunguza umio, hakifiki kwenye moyo, ila kwa ndani viwili hivyo ni majirani wa karibu sana. Akaridhika, akaenda kulala.

Nikabaki nikijiuliza ya shangazi. Kinachoma au kinabana? Kinachoma. Uchachu? Upo. Nikiinama? Kinazidi. Jasho, taya, mkono, pumzi? Hamna. Wiki hii nimepanda ngazi za ofisini kila siku bila taabu. Majibu yote yalielekea upande mmoja.

Asubuhi nilikwenda kupima moyo hata hivyo. Nina miaka 51, nina sukari, na baba naye kweli alikuwa na kiungulia.