Kamera tatu, jahazi moja: kumbukumbu ya kulinganisha rangi

Filamu fupi ya hali halisi ninayoihariri inahusu ujenzi wa jahazi huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, na imepigwa kwa kamera tatu zisizofanana. Mazungumzo na picha nyingi za mafundi zilichukuliwa kwa Sony A7S III katika S-Log3, yaani logi ya Sony, namna ya kurekodi inayohifadhi mwanga mwingi. Picha za karibu za mikono na vifaa zilichukuliwa kwa Canon 80D, ambayo haina logi yoyote. Na picha za juu zilitoka kwenye droni ndogo ya DJI Mini 2. Uhariri wa mfuatano umekwisha, na sasa nimo katika rangi, ndani ya DaVinci Resolve. Kumbukumbu hii inahusu hasa onyesho moja lililonishughulisha kuliko mengine yote, ambamo fundi anatia kalafati kati ya mbao chini ya banda la makuti, huku nahodha mwenye kanzu nyeupe akimtazama na bahari ikiwaka kwa jua nyuma yao.

Tofauti ya kamera hizi haiko kwenye rangi tu, bali iko kwenye kiasi cha habari ambacho kila moja imehifadhi. Sony inarekodi kwa biti 10, yaani ngazi 1,024 kwa kila chaneli, na S-Log3 inaibana mianga mikali ili iingie kwenye faili bila kukatika, ndiyo maana picha yake ghafi huonekana imepauka. Canon na droni zinarekodi kwa biti 8, yaani ngazi 256, na picha zao hutoka kamerani zikiwa zimekwisha pikwa: kontrasti imewekwa, rangi zimekolezwa, na chochote kilichokuwa angavu kupita kiasi kimekwisha ungua. Kwa sababu hiyo niliamua tangu mwanzo kwamba Canon ndiyo itakayopanga kikomo cha mianga mikali katika onyesho hili. Sony inaweza kuifuata Canon, lakini Canon haiwezi kuifuata Sony hadi mahali ambapo haikurekodi kitu.

Mpangilio wa nodi

Nodi ni hatua moja ya marekebisho ndani ya Resolve. Kila kamera nimeipa kundi lake, na katika ngazi ya Group Pre-Clip nimeweka Color Space Transform ya kuipeleka kwenye uwanja mmoja wa kazi, yaani DaVinci Wide Gamut pamoja na DaVinci Intermediate. Kwa Sony, upande wa kuingilia ni S-Gamut3.Cine na S-Log3; kwa Canon na droni ni Rec.709, kiwango cha kawaida cha video, na Gamma 2.4. Tone Mapping nimeizima katika hatua hii, kwa kuwa nataka namba zihamishwe kama zilivyo, bila programu kuamua kwa niaba yangu namna ya kuzibana. Marekebisho ya klipu mojamoja yako katika ngazi ya Clip. Mwonekano wa filamu, pamoja na badiliko la mwisho la kurudi kwenye Rec.709, viko katika ngazi ya Timeline, mahali pamoja tu, ili nikiamua kesho kwamba vivuli vinahitaji ubaridi zaidi, kamera zote tatu zibadilike kwa pamoja.

Hatua hii ya kubadilisha uwanja haizifanyi kamera zifanane, ingawa maelezo mengi ya mitandaoni yanaiuza hivyo. Inachofanya ni kuziweka kwenye kipimo kimoja, na hilo huonekana waziwazi kwenye Waveform, grafu ya mwangaza wa picha, ukizima kwa muda nodi za ngazi ya Timeline. Katika DaVinci Intermediate, kijivu cha asilimia 18 hukaa karibu na asilimia 33.6 ya kipimo. Nyeupe kamili ya Rec.709, yaani kile ambacho Canon inakiona kuwa kikomo cha dunia, huangukia karibu na asilimia 51. Katika onyesho letu, mawingu juu ya bahari kwenye klipu ya Sony yanapanda juu ya hapo yakiwa na umbo lake lote, ilhali kwenye klipu ya Canon yanagota kwenye asilimia 51 na kuwa mstari ulionyooka. Mstari huo ndio alama ya picha iliyoungua. Ukiushusha utapata kijivu kilicholala, wala si wingu.

Kuoanisha kwa kadi

Siku ya kupiga picha tulimshikisha msaidizi kadi ya rangi yenye miraba 24 mahali alipokaa fundi, mbele ya Sony na kisha mbele ya Canon, kabla mwanga haujabadilika. Mstari wa chini wa kadi ile una ngazi sita kutoka nyeupe hadi nyeusi, na ndio niliouhitaji zaidi kuliko miraba ya rangi.

Kadi ya Sony ilisoma vizuri: mraba wa kijivu cha kati ulikuwa karibu na 33.6 katika chaneli zote tatu. Kadi ya Canon ilisoma nyekundu 38, kijani 37 na buluu 35.5. Uzuri wa DaVinci Intermediate ni kwamba stopu moja ya mwanga, yaani mwanga kuongezeka maradufu au kupungua nusu, ni takriban asilimia 7.3 ya kipimo, isipokuwa kwenye vivuli vizito, kwa hiyo kijani pekee kilikwisha niambia kwamba Canon ilikuwa imezidi karibu nusu stopu. Nyekundu iliyo juu na buluu iliyo chini zilionyesha kwamba mizani yake ya nyeupe ilikuwa na joto zaidi.

Marekebisho ya aina hii siyafanyi kwa Lift wala Gamma, kwa sababu kosa la mwanga na kosa la mizani ya nyeupe hutokea kwenye mwanga wenyewe kabla kamera haijaupika. Niliongeza nodi moja, nikaibofya kwa kitufe cha kulia na kuiwekea Gamma kuwa Linear, kisha nikaweka Gain ya nyekundu 0.65, ya kijani 0.72 na ya buluu 0.83. Ndani ya nodi ya namna hii, Gain ya 0.5 ni stopu moja chini kwa usahihi na 2.0 ni stopu moja juu, hivyo mtu hapapasi gizani. Sharti ni kwamba Timeline Color Space ya mradi iwe imewekwa kwenye uwanja uleule wa kazi. Isipokuwa hivyo, programu huigeuza picha kuwa Linear kwa hesabu ya uwanja mwingine na namba hizo hazitakuwa na maana.

Baada ya hapo kijivu cha kati kilikaa sawa kwenye kamera zote mbili, ila picha bado hazikufanana. Hilo nililitarajia, kwani Color Space Transform inaamini kwamba Canon inafuata Rec.709 safi, lakini mtindo wa picha wa kamera, hata ule wa Neutral, una mkunjo wake wa kontrasti ambao hesabu hiyo haiujui. Miraba miwili ya giza ilikuwa imezama kuliko ile ya Sony, na upande wa chini wa jahazi ulikuwa mweusi tii. Nodi iliyofuata ikawa ya Custom Curves, nikainua sehemu ya giza hadi ngazi sita za kadi zikalingana na zile za Sony kwa kadiri inavyowezekana. Niliuacha mraba wa giza kabisa ukiwa chini kidogo, kwa sababu ukiuvuta zaidi, chembechembe za biti 8 huanza kucheza kwenye vivuli, na jicho huziona upesi kuliko linavyoona tofauti ya weusi.

Ngozi na bahari

Kadi ikishalingana, kipimo halisi ni uso wa fundi. Kwenye Vectorscope, grafu ya rangi na ukolezi wake, kuna mstari wa rangi ya ngozi, na ngozi za watu, nyeusi kwa nyeupe, huangukia karibu nao. Kinachotofautiana sana ni mwangaza na ukolezi. Tatizo la onyesho hili ni kwamba fundi anatoka jasho, na paji la uso wake linaakisi mbingu ya buluu inayoingia kandokando ya banda. Ukilisoma paji hilo, doa kwenye Vectorscope linavutwa kuelekea buluu, na utashawishika kuongeza wekundu kwenye uso ambao hauna kasoro. Nilichofanya ni kuchora dirisha dogo kwenye shavu, mahali pasipong'aa, kisha nikalinganisha shavu la Sony na shavu la Canon. Canon ilikuwa imeelemea wekundu kidogo, na nikaivuta kuelekea rangi ya chungwa kwa Hue vs Hue, nikiangalia mbao zisibadilike nazo, kwa kuwa mbao zilizopakwa mafuta ziko jirani sana na ngozi kwa rangi.

Droni haikuwa na kadi, kwa hiyo niliilinganisha kwa vitu vinavyoonekana kwenye kamera zote: mchanga ulio juani, mbao za jahazi, na bahari. Mchanga ulitoa mizani ya nyeupe, ingawa si kijivu safi; nilihakikisha tu kwamba una joto lilelile kama ulivyo kwenye Sony. Bahari ndiyo iliyokuwa korofi, kwani droni huikoleza hadi ikafanana na bango la hoteli. Niliipunguza ukolezi kwa Hue vs Sat kwenye buluu-kijani peke yake. Mbingu sikuigusa sana: kontrasti ikiongezwa kidogo tu, mpito laini wa buluu hugeuka mistari ya ngazi, na unaweza kuithibitisha kwa kutazama Waveform, ambamo wingu laini la nukta huchanika na kuwa vijistari vyenye nafasi katikati. Chembechembe nyembamba za filamu, zilizowekwa kwenye klipu zote za kamera zote, zinaificha mistari hiyo kwa kiasi kinachotosha.

Pamoja na yote hayo, mawingu ya Sony yalikuwa bado mazuri mno pembeni ya yale ya Canon. Kila mkato wa kutoka kwa nahodha kwenda kwenye mikono ya fundi ulifanya mbingu iruke. Kwenye klipu za Sony niliongeza mkunjo mlaini unaobana kila kitu kilicho juu ya asilimia 51, ili mbingu yake ibaki na umbo hafifu tu. Ni hasara, nami sikuifurahia. Kwa hiyo mkunjo huo nimeuweka kwenye ngazi ya Clip, katika klipu zinazopakana na Canon peke yake. Onyesho la jahazi kushushwa majini, ambalo lilipigwa kwa Sony na droni, limebaki na mawingu yake.

Klipu moja ya Canon imenishinda. Ni ile ambayo nahodha anainama na bega la kanzu yake linaingia juani, na chaneli zote tatu zimegota juu kwa pamoja, kwa hiyo hakuna mkunjo wa nguo wala mshono wa kurudisha. Nimeitoa kwenye mfuatano na kuweka mahali pake klipu ya Sony iliyopigwa kwa mbali zaidi, ambayo nimeikuza kwa asilimia 140. Picha ya Sony ni ya 4K na filamu inatoka kwa 1080p, kwa hiyo haikupoteza ukali wowote.