Jina lilinitoka

Dada kajifungua salama Jumatatu, na ofisini nimehamishiwa kile kitengo nilichokililia tangu mwaka jana, lakini ninaporudi kitandani nawaza sekunde tatu tu za Jumamosi.

Tulikuwa tumekaa, mimi na rafiki mmoja wa shemeji ambaye tumekuwa tukiandikiana, na maongezi yamenoga. Akapita mwenzangu wa kazini, akaja kunisalimia. Nikanyoosha mkono nimtambulishe yule rafiki: "Huyu ni..." Kimya. Nakumbuka anatengeneza majokofu. Nakumbuka alivunjika mguu akiwa darasa la nne. Jina halipo. Alikuwa akizungusha kidole kwenye ukingo wa glasi, na kidole kikasimama.

Mdomo ulishaanza kutaja jina la shemeji, nikalimeza. Nashukuru sikubahatisha, maana kuitwa jina la mwingine kunauma kuliko kuulizwa lako. Nikamgeukia yeye mwenyewe, nikamwambia, "Samahani, jina lako limenitoka. Naomba unitajie."

Akalitaja, taratibu, bila kununa. Nikalirudia kwa sauti nikimtambulisha, tukaendelea.

Hapo palikuwa pametosha. Lakini mwenzangu alipoondoka nikaanza upya: samahani jamani, sijui nimekuwaje, usinifikirie vibaya. Mara ya tatu akaiweka glasi mezani, akasema, "Umeshaniomba radhi na nimeshapokea. Ukizidi, mimi ndiye nitakayeanza kukubembeleza. Haya, mama akafika kisimani, kisha?"

Maneno hayo nimeyarudia kichwani wiki nzima. Siku mbili za mwanzo nilisikia karipio. Usiku wa Jumanne, naosha vyombo, nikasikia kitu kingine kabisa: alikumbuka habari yangu niliiachia wapi. Mama akafika kisimani. Nililia kidogo pale pale, mikono ina povu.

Jana nikafungua simu. Nimemhifadhi kama "Rafiki wa shemeji". Nikapandisha ujumbe wa wiki tatu wote, na hakuna hata mmoja nilioandika jina lake. Kazi yake naiona nikifumba macho, spana na mirija ya gesi. Mguu wake nauona kwenye bandeji. Jina halina picha ya kulishika. Linakaa kwa kutamkwa, na mimi sikuwahi kulitamka hadi siku ile nilipolihitaji.

Nimebadilisha. Kisha nikamwandikia, nikaanza na jina lake, nikamuuliza kama lile jokofu la Jumatano lilipona. Habari za Jumamosi sikuzigusa. Akajibu kwamba limepona, na kwamba bado anadai mwisho wa habari ya kisima.

Nitammalizia Jumapili, nikijaliwa. Ila mwisho wenyewe anaujua mama vizuri zaidi, na leo amenipigia mara mbili, kila nikipokea simu inakatika. Nikipiga mimi haipatikani. Kile kikohozi chake cha juzi sikukipenda.