Miali niliyoiona kabla ya kichwa kuuma, na sababu ya kuacha vidonge vya majira

Nilianza kumeza vidonge vya majira nikiwa na umri wa miaka 29, mwezi mmoja baada ya kumwachisha mwanangu kunyonya. Nilivinunua katika duka la dawa lililo karibu na shule ninayofundisha, na muuzaji aliniuliza mambo mawili tu: kama nina mimba, na kama nimewahi kuvitumia. Pakiti ilikuwa na vidonge 28, yaani 21 vyenye dawa na 7 vya rangi ya kahawia ambavyo ni madini ya chuma. Sikujua wakati ule kwamba vile 21 vina vichocheo viwili, estrojeni na projestini, wala kwamba kuna wanawake wasiopaswa kabisa kutumia hicho cha kwanza.

Kichwa kilikuwa kikiniuma tangu nikiwa sekondari, mara mbili au tatu kwa mwaka, na nyumbani tulikiita kipandauso bila kukitilia maanani. Katika mwezi wa tatu wa vidonge kikaanza kunijia karibu kila baada ya wiki mbili. Siku moja nilikuwa nikisahihisha madaftari ya darasa la tano, nikaona herufi za katikati ya neno zimepotea, kana kwamba mtu ameweka kidole juu yake. Baada ya dakika chache pakatokea mstari unaometameta wenye meno kama ya msumeno, ukatanuka polepole kuelekea pembeni mwa jicho, na hata nilipofumba macho niliendelea kuuona. Kisha ganzi ikaanza katika vidole vya mkono wa kulia, ikapanda hadi kwenye kiwiko na mwisho ikafika mdomoni. Yote hayo yalichukua kama dakika 25, ndipo kichwa kikaanza kuuma upande mmoja.

Kesho yake nilikwenda kliniki ya uzazi wa mpango. Nilimweleza nesi kwamba kichwa kinaniuma sana, naye akanijibu kwa upole: "Mwalimu, maumivu nimeyasikia. Sasa nieleze kinachotokea kabla ya maumivu." Akanipa kalamu na kipande cha karatasi, akaniomba nichore nilichokiona. Nilipomaliza kuchora ule mstari wa meno, alinyamaza kidogo, akauliza nimebakiza vidonge vingapi kwenye pakiti, kisha akaniambia nisimeze kingine hata kimoja.

Alichonieleza ndicho ninachotaka wenzangu wakielewe vizuri. Miali ile na ganzi ile huitwa aura, nayo hutambulika kwa mwendo wake: huanza kidogo, hutanuka polepole, hudumu kati ya dakika 5 na saa moja, na kwa kawaida huja kabla ya kichwa kuuma. Kuchukia mwanga au kuona ukungu wakati kichwa tayari kinauma si aura, na hapo ndipo wengi wetu huchanganya, kwa sababu tukiulizwa tunajibu "macho yananisumbua" na swali linaishia hapo. Mwanamke mwenye kipandauso chenye aura ana uwezekano mkubwa kidogo wa kupata kiharusi kuliko wenzake wa umri wake, hata asipotumia dawa yoyote. Estrojeni nayo hulifanya ini litengeneze kwa wingi zaidi protini zinazogandisha damu na kupunguza baadhi ya zile zinazozuia kuganda. Mambo hayo mawili yakikutana katika mwili mmoja, hatari ya bonge la damu kuziba mshipa wa ubongo huongezeka kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani limeuweka mchanganyiko huo katika daraja la 4, maana yake njia hiyo isitumike, hata kama mwanamke ana miaka 20 na presha yake ni nzuri. Yangu siku ile ilikuwa 118/76.

Niliuliza kama basi vidonge hivi ni sumu kwa kila mtu. Alisema hapana, na kwa haki yake alinipa hesabu. Katika wanawake 10,000 wasiotumia vidonge na wasio na mimba, takriban 2 hupata bonge la damu katika mishipa ya miguu au mapafu kwa mwaka; kwa wanaotumia vidonge vyenye projestini iitwayo levonojestreli, kama vyangu, ni kati ya 5 na 7; na mimba yenyewe huleta hatari kubwa kuliko hiyo. Hatari huwa juu zaidi katika miezi ya mwanzo, na hurudi juu kila mtu anapoanza upya baada ya kuacha kwa mwezi mmoja au zaidi. Jambo hili liligusa watu ninaowafahamu, kwa kuwa wapo wanawake wenye waume madereva wa masafa marefu ambao humeza vidonge mume anapokuwepo na kuviacha anapoondoka, wakidhani wanaupumzisha mwili.

Kwa upande wangu zilibaki njia nyingi zisizo na estrojeni: vijiti vya mkononi, sindano ya miezi mitatu, vidonge vya projestini pekee, na lupu ya shaba. Nilichagua lupu kwa sababu haina kichocheo chochote, na kwa kuwa nilikuwa sijaruka kidonge hata kimoja, niliwekewa siku ileile. Hedhi ilikuwa nzito na tumbo lilinikata kwa miezi minne ya kwanza, kisha ikatulia. Kipandauso hakijakoma, lakini kimerudi kwenye mara mbili au tatu kwa mwaka kama zamani. Nesi alinionya pia kwamba udhaifu wa ghafla wa mkono au mguu, mdomo kwenda upande, au maneno kupotea kwa mara moja bila ule mwendo wa polepole, si mambo ya kusubiri nyumbani bali ya kukimbizwa hospitali. Ni vivyo hivyo kwa mguu mmoja unaovimba na kuuma kwenye shavu lake, au pumzi kubana ghafla.

Nilipomsimulia wifi yangu, alisema hana kipandauso na hivyo hayamhusu. Lakini ana miaka 37 na huvuta sigara sita au saba kwa siku, jambo ambalo halifichi kwetu ingawa hulificha kwa majirani. Kwake tatizo si aura bali ni umri na moshi kwa pamoja, kwa kuwa sigara huharibu kuta za mishipa ya moyo na ubongo, na kuanzia miaka 35 estrojeni juu ya sigara huongeza sana hatari ya mshtuko wa moyo. Anayevuta chini ya sigara 15 kwa siku katika umri huo yumo daraja la 3, yaani kwa kawaida asipewe. Anayefikisha 15 yumo daraja la 4. Nilimsindikiza mwenyewe kliniki, nikamwambia: "Wifi, ukiulizwa kuhusu sigara, taja idadi kamili." Aliitaja. Presha yake ilikuwa 146/94, na walipoipima tena baada ya kumpumzisha ilikuwa 144/92, ambayo peke yake ingetosha kumnyima vidonge vile. Aliwekewa vijiti viwili vya miaka mitano, ambavyo sigara haivizuii, na akapewa tarehe ya kurudi kupimwa presha.